Bawasiri: Kukata, Kupandisha au Kufunga Mishipa

Bawasiri za ndani hutokana na vifuko laini vya mishipa ya damu ambavyo kila mtu anavyo juu kidogo ya tundu la haja kubwa. Kwa kawaida viko vitatu vikubwa, na kazi yake ni kusaidia kuziba njia hiyo ili hewa na kinyesi visivuje. Nyama inayovishikilia ikilegea, vifuko huvimba, huteremka na kutoa damu wakati wa haja. Ugonjwa ukifika daraja la 3, vinyama hutoka nje na havirudi mpaka visukumwe kwa kidole. Katika daraja la 4 havirudi kabisa. Hapo ndipo upasuaji huzungumzwa kwa uzito, hasa kama chakula chenye makapi, maji ya kutosha na kufunga vinyama kwa mipira midogo havikutosha.

Ili kuelewa kwa nini upasuaji mmoja huuma kuliko mwingine, ni lazima kujua mpaka mmoja ulio sentimita chache ndani ya njia hiyo. Juu ya mpaka huo kuna utando laini wa utumbo, usiohisi mkato kama ngozi inavyohisi. Chini yake inaanza ngozi yenye neva nyingi, inayohisi kila mchubuko. Jeraha likiwa chini ya mpaka, kila choo kitapita juu yake. Likiwa juu, mgonjwa anaweza kuhisi uzito na haja isiyokwisha, lakini mara nyingi hapati yale maumivu makali ya kuchanika.

Upasuaji wa jadi huvuka mpaka huo. Njia iliyoenea zaidi ilielezwa mwaka 1937 na Milligan na Morgan wa jijini London: daktari hukata kila kifuko pamoja na ngozi yake ya nje, hufunga mshipa unaokilisha, kisha huacha vidonda wazi vipone vyenyewe. Kati ya kidonda na kidonda lazima ibaki ngozi nzima, kwani ikikatwa yote, kovu litakaza njia na choo kitapita kwa shida. Mwaka 1959 Mmarekani Ferguson alichapisha njia ya kushona vidonda hivyo badala ya kuviacha wazi. Kwa vyovyote vile, wiki mbili za kwanza ni ngumu. Mgonjwa huhitaji dawa za maumivu kwa saa maalumu, dawa ya kulainisha choo na kukalia maji ya uvuguvugu, na kupona kikamilifu huchukua takriban mwezi mmoja au zaidi. Wengine hushindwa kukojoa usiku wa kwanza na huwekewa mpira wa mkojo. Lakini kilichokatwa kimeondoka.

Daktari Mwitaliano Antonio Longo, katika miaka ya 1990, alilitazama tatizo kwa namna nyingine: kama kasoro ni kuteremka, basi vifuko vipandishwe badala ya kukatwa. Katika njia yake, uzi hushonwa kuzunguka utando wa utumbo, sentimita chache juu ya mpaka ule wa neva. Kisha stepla ya mviringo, inayotumika mara moja na kutupwa, huingizwa. Uzi huvutwa, na stepla ikifyatuliwa hukata pete ya utando na papo hapo kuunganisha kingo zake kwa pini ndogo za madini. Vifuko vinavutwa juu, na ngozi ya nje haiguswi.

Usalama wa kazi hii uko katika ule uzi. Ukishonwa chini mno, pini hukaa karibu na neva na huweza kuleta maumivu ya muda mrefu. Ukishonwa kwa kina mno, huweza kunasa ukuta mzima wa utumbo. Kwa mwanamke, kabla ya kufyatua, daktari hupitisha kidole ukeni kuhakikisha ukuta wa uke haukunaswa, maana kosa hilo linaweza kuacha tundu kati ya utumbo na uke.

Njia ya tatu, iliyoelezwa mwaka 1995 na Morinaga wa Japani, haikati chochote. Kifaa kinachoingizwa kina kipokezi cha Dopla, kinachotoa mlio kinapoelekea kwenye mshipa wenye damu inayokwenda kwa kasi. Daktari hufuata mlio, hushona mshipa huo na kusikiliza kama mlio umenyamaza. Mara nyingi hufanya hivyo kwa mishipa kama sita. Siku hizi, kwa bawasiri zinazotoka nje, huongezwa mshono wa kukunja na kupandisha utando ulioteremka, kwa sababu kufunga mishipa peke yake hupunguza damu lakini hakuinui kilicholegea.

Je, maumivu machache hulipiwa nini baadaye? Jibu la wazi zaidi kuhusu stepla lilitoka Uingereza mwaka 2016, katika jaribio lililoitwa eTHoS, ambamo wagonjwa 777 waligawanywa kwa bahati nasibu kati ya stepla na upasuaji wa jadi. Wa stepla waliumia kidogo zaidi katika wiki za mwanzo, kama ilivyotarajiwa. Baada ya miaka 2, hata hivyo, asilimia 42 kati yao walieleza kuwa bawasiri zimerudi, dhidi ya asilimia 25 ya waliokatwa, na kwa jumla ya kipindi chote waliokatwa ndio waliokuwa na hali bora ya maisha. Takwimu hizo zilitokana na maelezo ya wagonjwa wenyewe, kwa hiyo si kila aliyehesabiwa alihitaji kupasuliwa tena. Hata hivyo tofauti ni kubwa mno kupuuzwa.

Ufaransa, mwaka huohuo, jaribio la LigaLongo lilichapisha ulinganisho wa stepla na njia ya kufunga mishipa pamoja na kupandisha utando. Waliofungwa mishipa waliumia kidogo zaidi na walirudi kazini baada ya takriban siku 12, wenzao siku 15. Lakini mwaka ulipokwisha, bawasiri za daraja la 3 zilionekana kwa asilimia 15 yao, dhidi ya asilimia 5 ya wa stepla.

Tuseme dereva wa lori ana bawasiri za daraja la 3 zinazotoka kila akienda haja, na nje ana vinyama vya ngozi vinavyomsumbua. Stepla na kufunga mishipa havitaondoa vinyama vile, kwa kuwa njia zote mbili hufanya kazi juu ya mpaka. Akiweza kupumzika wiki tatu au nne, kukatwa ndiko kunakomfaa. Mwenzake asiye na vinyama vya nje, anayesumbuliwa zaidi na damu na asiyeweza kukosa kazi muda mrefu, ana sababu nzuri ya kufungwa mishipa, mradi ameambiwa mapema kwamba huenda akarudi hospitali. Kwa daraja la 4, upasuaji wa jadi bado ndio chaguo la kawaida.

Baada ya njia yoyote, matone ya damu chooni kwa siku kadhaa si ajabu. Damu inayotoka kwa mabonge haingoji kesho. Homa, maumivu yanayozidi badala ya kupungua na kushindwa kukojoa, vikija pamoja, huweza kuwa dalili ya maambukizi ndani ya nyonga. Hutokea kwa nadra lakini huua, na mgonjwa anapaswa kufikishwa hospitali siku hiyohiyo.