Mashavu Yakibonyea, Mashavu Yakijaa

Leo tuzungumze juu ya uso, kwa sababu jirani hukutazama mashavu kwanza, kisha akakuamulia ugonjwa.

Chini ya ngozi ya uso kuna mafuta, na ndani ya kila shavu kuna mengine yaliyokaa kama kifuko. Mwili ukikosa chakula au ukipambana na ugonjwa, hutumia mafuta yake, ya uso yakiwemo. Na kwa kuwa uso haufunikwi na nguo, watu huona hapo kabla ya kuona mapaja.

Tuseme mama wa kilo 62 ameugua kifua kikuu akashuka hadi kilo 50. Mashavu yamebonyea, taya limechongoka. Akimeza dawa na kula vizuri, kilo hurudi polepole kwa miezi kadhaa, na mashavu hujaa. Kama umri umesonga, ngozi ya chini ya taya huenda ikabaki imelegea kidogo.

Lakini kuna kukonda kwa uso kusikotokana na kilo. Wengi mnawakumbuka waliotumia stavudini, mojawapo ya dawa za zamani za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi. Mizani ilionyesha kilo zilezile, mashavu yakabonyea, kwa sababu dawa iliharibu mafuta ya uso, mikono na miguu. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri iachwe hatua kwa hatua, na Kenya ikaiacha. Kwa waliobadilishiwa, mafuta yalirudi kidogo kidogo, na wengine hawakurudiwa na sura yao ya awali. Kwa hiyo mwenye mashavu hayo leo huenda ni mzima na anameza dawa zake vizuri. Majirani wengi hawalijui hilo.

Siku hizi wengi hutumia dolutegraviri, na malalamiko yamegeuka: kilo zimezidi, uso umekuwa mviringo, taya halionekani. Sehemu yake ni afya inayorudi, na sehemu yaweza kuwa ni dawa, hasa kwa akina mama. Usiruke dozi ili upungue. Mweleze mhudumu wa kliniki, upimwe uzito, shinikizo la damu na sukari.

Mafuta huongezeka kwa wiki nyingi, pande zote mbili. Uso ukivimba ghafla, macho yakajaa asubuhi, huenda ni figo. Taya likivimba upande mmoja, huenda ni jino au tezi.

Na mtoto je? Mashavu yake yakijaa huku mikono imekonda, mbonyeze juu ya nyayo zote mbili kwa kidole gumba, ukihesabu polepole hadi tatu. Shimo likibaki kwenye miguu yote miwili, hayo ni maji wala si mafuta, na ni dalili ya utapiamlo mkali. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.