Rekodi 112 zilizobaki njiani

Kila anayefanya mapitio ya kimfumo, yaani utafiti wa kukusanya na kupima tafiti zote zilizowahi kufanywa kuhusu swali moja, huwa na daftari lake la utafutaji. Wengine huandika kwenye karatasi, wengine kwenye jedwali la Excel. Nikiwa mkutubi nimeyaona mengi, na mstari wake huwa unafanana na huu:

```
14/3  PubMed  #3 AND #7   846  ok
15/3  Embase  same         1112  exported
```

Mwenyewe anauelewa. Anakumbuka kwamba namba 3 ilikuwa vyandarua na namba 7 ilikuwa wajawazito. Miezi minane baadaye jarida linamtaka aambatishe kiambatisho chenye hifadhidata zote, kauli za utafutaji, tarehe na idadi ya rekodi, na hapo ndipo anapogundua kwamba daftari lilikuwa likizungumza naye peke yake. Kiambatisho anasomewa mtu asiyemjua, aliye nchi nyingine, ambaye anataka kuketi mbele ya kompyuta yake na kurudia utafutaji ule ule.

Zamani mzigo ulikuwa mwepesi. Mwongozo wa PRISMA wa mwaka 2009 ulitaka kauli kamili ya walau hifadhidata moja tu. Toleo la 2020 linataka za zote, pamoja na rejista na tovuti. Mwaka 2021 ukatoka mwongozo mwenzake, PRISMA-S, wenye vipengele 16 vinavyohusu utafutaji peke yake. Sitavipitia vyote. Nitachukua mfano nilioutunga ili namba zake zifuatike kirahisi: mapitio kuhusu vyandarua vyenye dawa kwa wajawazito, yaliyotafutwa katika hifadhidata nne.

Tuanze na jina la hifadhidata, kwa sababu watu wengi hudhani hapo hakuna kazi. Mtu anaandika “MEDLINE” na kusonga mbele. Lakini MEDLINE husomwa kupitia milango kadhaa. Ukiingia kwa PubMed, alama unazotumia ni tofauti na za Ovid, na hata kilichomo hakilingani kabisa, maana PubMed ina rekodi ambazo hazimo katika MEDLINE. Kauli iliyoandikwa kwa Ovid haifanyi kazi ikibandikwa PubMed. Kwa hiyo kila hifadhidata iandikwe pamoja na jukwaa lake. Kwenye Ovid kuna mstari juu ya matokeo unaotaja miaka iliyomo siku hiyo. Unakiliwa kama ulivyo. Hifadhidata ya majaribio ya Cochrane, CENTRAL, hutolewa kwa matoleo ya kila mwezi, basi toleo litajwe. Web of Science ni mtihani zaidi, kwani kinachoonekana hutegemea chuo kimelipia faharasa zipi na za kuanzia mwaka gani. Watafiti wawili wa vyuo viwili wanaweza kubandika kauli moja, siku moja, wakapata idadi mbili tofauti, na wote wakawa sahihi.

Sasa turudi kwenye ile “#3 AND #7”. PubMed huhifadhi historia ya utafutaji, lakini hufutika baada ya saa nane za kutotumika. Kesho yake namba 3 haipo tena, au ipo na ni kitu kingine. Ndiyo maana kiambatisho hakiwezi kubeba namba bila kubeba mistari inayotajwa na namba hizo. Ama uorodheshe mistari yote na idadi ya kila mmoja, ama uifungue yote iwe kauli moja:

```
("Insecticide-Treated Bednets"[Mesh] OR bednet*[tiab]
OR "bed net*"[tiab] OR ITN[tiab])
AND ("Pregnancy"[Mesh] OR pregnan*[tiab])
```

Mimi napendelea zote mbili zikiwepo nafasi: mistari kwa ajili ya anayetaka kujua kila neno lilileta nini, na kauli nzima kwa ajili ya anayetaka kunakili na kubandika.

Kunakili na kubandika ndiko hasa kunakotakiwa. Asiandike mtu upya kwa mkono, hata kama anaona kauli ni fupi. Herufi moja ikidondoka idadi hubadilika bila hifadhidata kulalamika. Na hata ukinakili, Word ina tabia ya kuzipinda alama za kunukuu zilizonyooka na kurefusha vistari. Kwenye karatasi zinapendeza, lakini ziko hifadhidata zisizozitambua, na hapo kirai kinavunjika kuwa maneno mawili yaliyotawanyika. Zima urekebishaji huo wa Word, au kauli zote zihifadhiwe kwanza kwenye faili la maandishi matupu, kisha zipelekwe kwenye kiambatisho kwa mwandiko wa upana sawa kama wa Courier, ambamo alama iliyopinda huonekana upesi.

Kuna mtego mwingine kwa wale waliotafuta kwa maneno ya kawaida bila alama yoyote. Ukiandika `bed nets pregnancy` katika PubMed, mashine haitafuti maneno hayo tu. Inayatafsiri kwa majedwali yake, inaongeza visawe na vichwa vya habari vya MeSH. Tafsiri hiyo huonekana ukifungua ukurasa wa Advanced na kukunjua Details kwenye historia. Majedwali hayo hubadilika, na MeSH yenyewe husahihishwa kila mwaka. Kwa hiyo kiambatisho kiwe na ulichokiandika wewe na pia alichokisoma PubMed siku ile. Asiyekihifadhi wakati ule hawezi kukirudisha kwa uhakika.

Tarehe zina shida ndogo lakini ya kukera. Kwetu 3/4/24 ni tarehe tatu Aprili. Kwa Mmarekani ni tarehe nne Machi. Andika jina la mwezi. Kila hifadhidata iwe na tarehe yake, maana utafutaji mara chache humalizika siku moja. Tena usichanganye tarehe ya kutafuta na kipindi ulichokibana: “2000 hadi 2024” ni kikomo cha miaka ya kuchapishwa, na nafasi yake ni pamoja na vikomo vingine kama lugha.

Tumefika kwenye idadi, na hapa ndipo nitakapokaa zaidi. Katika mfano wetu daftari linasema PubMed 846, Embase 1,112, CENTRAL 97, na African Index Medicus 58. Jumla ni 2,113. Lakini mchoro wa mtiririko, ule unaoonyesha rekodi zilizopatikana, zilizojirudia na zilizosomwa, unaanza na 2,001. Tofauti ni 112.

Wengi hapa hushawishika kubadili namba moja ifanane na nyingine. Usiguse chochote bado. Yale mafaili yaliyopakuliwa siku ile ni shahidi asiyesahau, na kuyahesabu ni kazi ya sekunde chache. Katika faili la aina ya RIS kila rekodi huanza na mstari wa `TY  - `. Katika faili la PubMed kila rekodi ina mstari wa `PMID-`. Kwenye kompyuta ya Linux au Mac unaandika hivi:

```
grep -c "^PMID-" pubmed.nbib
grep -c "^TY  - " embase.ris
```

Jibu la kwanza ni 846, sawa na daftari. La pili ni 1,000. Sasa tunajua. Matokeo ya Embase yalipakuliwa kwa mafungu, na fungu la mwisho lilisahaulika. Kama orodha ilipangwa kuanzia mpya, zilizobaki njiani ni rekodi 112 za zamani zaidi, na hakuna aliyezisoma.

Naomba msomaji alione hilo vizuri. Kilichoanza kama kazi ya kupanga jedwali kimefichua kwamba mapitio yenyewe yana tundu. Pengine hamna kitu humo. Pengine kuna jaribio moja zuri la miaka ya 1990. Dawa yake ni kurudi Embase, kurudia kauli ile ile, kuzitoa rekodi zisizomo kwenye faili la kwanza, kuzisoma kwa vigezo vile vile, na kuyaandika hayo yote kwenye kiambatisho pamoja na tarehe ya pili.

Kwa hiyo katika jedwali langu kila hifadhidata huwa na namba mbili, si moja: rekodi zilizoonekana kwenye skrini, na rekodi zilizomo kwenye faili. Kisha jumla ya mafaili, rekodi zilizojirudia zilizoondolewa, na programu iliyoziondoa. Jumla hiyo lazima iwe ndiyo ya kwanza kwenye mchoro. Google Scholar iandikwe kando, kwani idadi inayoonyeshwa juu ya ukurasa ni makadirio, na haikuruhusu kuona zaidi ya matokeo 1,000. Hapo husemwa tu umesoma matokeo mangapi ya mwanzo, na yalipangwa vipi.

Na kama daftari lilikosa kitu kabisa? Tarehe mara nyingi hupatikana kwenye faili lenyewe, katika siku lilipohifadhiwa kwa mara ya kwanza. Idadi huhesabiwa kama tulivyofanya. Kauli ikipotea, usiitunge kwa kumbukumbu. Tafuta upya leo na useme wazi kwamba umetafuta leo. Katika PubMed unaweza kuufunga utafutaji mpya kwenye siku ya zamani kwa kikomo cha tarehe rekodi ilipoundwa:

```
AND 1800/01/01:2024/03/14[crdt]
```

Hata hivyo usitegemee kupata 846 kamili. Rekodi iliyokuwepo Machi huenda ilikuwa bado haijapewa vichwa vya MeSH, ikapewa baadaye, na sasa inaingia kwenye kauli. Nyingine hurekebishwa au huunganishwa. Ukipata 851, kauli ni ile ile. Ukipata 300 au 4,000, tafuta mabano yaliyodondoka au alama ya kunukuu iliyopinda.

Kabla ya kutuma, mpe kiambatisho mwenzako ambaye hakushiriki, bila maelezo ya mdomo. Aketi, abandike kila kauli mahali pake, aandike namba anazopata kando ya zako. Kila mara atakaponyanyua kichwa na kukuuliza “hapa ulimaanisha nini?”, usimjibu, andika jibu ndani ya kiambatisho, kisha aendelee.