Alifanya Nini, Lini, Mbele ya Nani?

Tuseme ni saa sita usiku. Mume anakoroma, mke amejifunika shuka na simu yake. Anasoma dalili za mtu narsisisti: hujiona bora, hupenda kusifiwa, hajali maumivu ya mwenzake. Kila mstari anamwona mumewe. Kesho yake wanagombana kuhusu hela, naye anamrushia neno hilo. Mume pia ana simu. Hadi jioni amesoma orodha ileile, na humo amemwona mkewe.

Neno hilo lina kwao. Narsisizimu iliingia kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, ikiwa miongoni mwa kasoro za haiba. Mwongozo wa sasa una dalili 9, na zinatakiwa angalau 5. Ila kuhesabu dalili hakutoshi. Lazima tabia iwe imeota mizizi tangu mtu anaingia utu uzima, ijitokeze kazini na kwa marafiki, si chumbani peke yake, na iwe imeyavuruga maisha. Ndiyo maana daktari humhoji mhusika mwenyewe. Mke anayesoma usiku ana shahidi mmoja tu: hasira zake, ambazo pengine ni za haki kabisa.

Asubuhi anampigia shangazi yake.

"Ananidharau, shangazi."

"Alifanya nini? Lini? Mbele ya nani?"

Mke anafikiri kwanza. Ijumaa mume alimtumia kaka yake laki mbili zilizotengwa kwa ada ya mtoto. Yeye alikuja kujua akiwa dirishani kwa mhasibu wa shule, wazazi wengine wamepanga foleni nyuma yake.

"Basi mwambie hilo."

Usiku anamwambia: "Ijumaa umetuma laki mbili za ada bila kuniambia. Nimeaibika pale shuleni. Naomba hela ya ada isitoke kabla hatujaongea." Hasemi "kila siku unanifanyia hivi", maana mume angekumbuka siku moja tu ambayo hakufanya, na mazungumzo yangeishia hapo. Akiitwa narsisisti, mume hana la kusema ila "mimi siyo". Kwa laki mbili anaweza kueleza, kuomba radhi, au kukataa. Muhula ujao ukifika, itajulikana kama amebadilika.

Kipigo, vitisho au kufungiwa ndani si mambo ya kujadiliana usiku wawili wawili. Hapo tarehe na matendo yaliyoandikwa hupelekwa Dawati la Jinsia na Watoto, polisi. Hata ndoa ikifika mahakamani, Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inataja matendo kama ushahidi kwamba imevunjika: uzinzi, ukatili wa mwili au wa akili, kumtelekeza mwenzi kwa makusudi kwa miaka isiyopungua 3.