Ekari Moja, Ng'ombe Mmoja: Achungwe au Akatiwe Majani?

Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, Machame, Kibosho au Marangu, ni nadra kumkuta ng'ombe wa maziwa akichungwa. Kihamba kimebeba migomba, kahawa, magimbi, nyumba na makaburi ya wazee, na kila kizazi kinapogawana kinazidi kupungua. Hakuna pa kumpitisha mnyama mwenye kilo 400. Kwa hiyo anakaa bandani na majani yanamfuata, mengine yakitoka kingo za kihamba na mengine tambarare za chini, kichwani mwa akina mama au nyuma ya pikapu.

Siku hizi swali hili limefika hata kwa watu ambao wazazi wao walichunga. Kule Rungwe, Lushoto, Njombe, hadi Murang'a na Nyeri upande wa Kenya, shamba la ekari tano limegawanywa kwa watoto wanne, na kila mmoja anataka ng'ombe wake. Wengi huambiwa kwamba kufugia ndani ndiyo njia ya kisasa, basi wanajenga banda, wananunua mtamba mwenye mimba, na baada ya mwaka wanauza kwa hasara. Mara nyingi banda halina kosa. Kosa limeanzia kwenye hesabu ya majani, ambayo haikufanywa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Ng'ombe hula kwa siku chakula kikavu kinachokaribia asilimia 3 ya uzito wake. Tukisema kikavu tunamaanisha kile kinachobaki maji yakitolewa. Chotara wa kilo 400 anahitaji basi kilo 12. Majani ya tembo, ambayo wengi tunayaita mabingobingo, yakiwa mabichi ni maji kwa sehemu kubwa, na katika kilo 100 unapata kilo 18 hivi za chakula kikavu. Ili apate zile kilo 12 lazima umletee kilo 60 hadi 70 za mabichi kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Hiyo ni mizigo mitatu au minne ya kichwani.

Sasa tuchukue kaya yenye kihamba cha ekari moja na nusu, ambamo robo ekari inaweza kuachwa kwa ajili ya ng'ombe. Robo hiyo ikiwa nyasi za asili naye akachungwa humo, nyasi hizo kwa ukarimu zitatoa nusu tani ya chakula kikavu kwa mwaka. Karibu nusu yake ataikanyaga, ataichafua kwa mavi au ataiacha kwa sababu imekomaa. Kinachoingia tumboni hakimtoshi zaidi ya wiki tatu. Robo hiyohiyo ikipandwa mabingobingo yanayowekewa samadi vizuri, inaweza kutoa tani moja na nusu, na yakikatwa na kupelekwa horini upotevu ni mdogo. Hapo analishwa kwa miezi minne. Hii ndiyo sababu ya kweli ya kufugia ndani mahali penye ardhi finyu: kipande kilekile cha ardhi kinalisha mara tano au zaidi.

Lakini angalia kilichobadilika. Anapochungwa, kazi ya kukusanya chakula ni yake. Yeye huchagua jani laini na kuacha bua, hutembea hadi mtoni akinywa anavyotaka, na mavi huyaacha palepale alipokula. Ukimfungia, kazi zote hizo umezichukua wewe. Usipokata hali, na usipochota hanywi. Ng'ombe wa bandani aliyesahauliwa anaumia kuliko yule wa machungani, kwa kuwa hana njia ya kujisaidia. Katika kaya nyingi kazi hiyo huangukia kwa mama na watoto, na haiulizwi kabla ya kununua mnyama. Inapaswa kuulizwa.

Rudi kwenye kaya yetu. Miezi minne imepatikana, imebaki minane. Mabingobingo yaliyopandwa kwenye kingo za makinga maji yataongeza mwezi na kidogo. Mabua ya mahindi kutoka shamba la tambarare yatasaidia kipindi cha ukame, mradi yawekwe chini ya paa, kwani yakinyeshewa huota ukungu na mnyama huyakataa au huugua. Kuna pia vigogo na majani ya migomba, ambayo wengi huyategemea mno. Kigogo cha mgomba kina maji mengi kupita hata mabingobingo, na protini yake ni ndogo. Kinajaza tumbo na kupunguza kiu, ila maziwa hayaji. Pengo linalobaki litanunuliwa au litafuatwa mbali, na gharama hiyo iandikwe tangu siku ya kwanza.

Baada ya hesabu hii mtu anaweza bado kutamani ng'ombe wawili, akiamini kwamba wawili watakamuliwa mara mbili. Hapa ndipo wengi hupotelea. Mwili wa ng'ombe hujitunza kwanza: kupumua, kusimama, kuwa na joto. Kwa chotara wa kilo 400 anayekula mabingobingo ya wastani, kiasi cha kilo sita kati ya zile 12 huishia hapo. Kilo sita zinazobaki ndizo zinazogeuka maziwa, lita saba au nane hivi kwa siku bila nyongeza ya pumba na mashudu. Chakula hichohicho ukiwagawia wawili, kila mmoja anapata sita, anaishi, na hakuna kinachobaki cha kukamua. Watakonda kwanza, kisha watachelewa kushika mimba. Mwenye chakula cha mmoja afuge mmoja, na ndama dume auzwe mapema.

Ubora wa majani nao unategemea mkono wa mkataji. Mabingobingo hukatwa yakifikia urefu wa mita moja hivi, kila baada ya wiki sita hadi nane wakati wa mvua, ukiacha kisiki cha sentimita 5 hadi 10. Yakiachwa yakapita kimo cha mtu yanaonekana mengi, ila yamekuwa mabua, na ng'ombe atachambua majani na kutupa mengine. Katakata vipande vya urefu wa inchi moja au mbili na utaokoa mengi. Mlimani wakati wa masika, majani machanga yakiwa na maji mno, yaache yanyauke nusu siku kabla ya kulisha. Kwa protini, panda kaliandra au lusina kwenye uzio na kingo. Miti 500 ya kaliandra, ikipandwa nusu mita kwa nusu mita kwenye mstari, inaweza kutoa kilo sita za majani mabichi kwa siku, sawa na kilo mbili za chakula cha dukani, bila kuchukua nafasi ya migomba.

Na samadi lazima irudi ilikotoka majani. Ekari moja ya mabingobingo yanayozaa vizuri hupoteza takriban kilo 80 za naitrojeni kwa mwaka kupitia majani yanayobebwa. Machungani mnyama hurudisha sehemu kubwa mwenyewe. Bandani usiporudisha wewe, mwaka wa kwanza utafurahi, wa pili majani yatakuwa membamba ya njano, na wa tatu utasema mbegu ni mbaya. Wengi hupeleka samadi yote kwenye migomba na kahawa. Gawanya, na mkojo usiachwe upotee mtaroni, maana una sehemu kubwa ya hiyo naitrojeni.

Utajuaje kama ng'ombe wa ndani anashiba? Tazama hori alfajiri. Likiwa limerambwa safi, amelala na njaa. Panatakiwa pabaki kama sehemu ya kumi ya ulichoweka. Tazama ubavu wa kushoto, nyuma ya mbavu: pakiwa pamebonyea wakati wote, chakula hakitoshi. Maji nayo yawepo muda wote, kwani anayekamuliwa hunywa lita 50 hadi 80 kwa siku, na ndoo mbili za asubuhi hazifiki hata hapo. Maziwa yakishuka ghafla na hujabadilisha majani, anza kwa kukagua maji.

Yapo matatizo mawili ya banda ambayo mfugaji aliyezoea kuchunga hayategemei. La kwanza ni joto. Machungani ng'ombe akiwa kwenye joto hupandwa na wenzake na kila mtu anaona. Akiwa peke yake bandani ishara ni ndogo: analia bila sababu, anapunguza kula, maziwa yanashuka siku moja, ute mweupe wa kuvutika unaning'inia. Andika tarehe, kisha mwangalie tena baada ya siku 21, alfajiri na jioni. Akionekana asubuhi apandishwe jioni, akionekana jioni apandishwe asubuhi inayofuata. Joto moja likipita bila kuonekana, umelisha wiki tatu bure.

La pili ni kupe. Faida kubwa ya kufugia ndani ni kwamba mnyama hakutani na kupe wengi wanaoleta ndigana kali, ugonjwa unaoweza kumuua chotara kwa muda mfupi. Lakini kupe huingia ndani ya mzigo wa majani, hasa yaliyokatwa mahali ng'ombe wengine wanapochungwa. Kwa hiyo kuogesha kunaendelea, na uvimbe wa tezi chini ya sikio pamoja na homa ni sababu ya kumwita mtaalamu wa mifugo siku hiyohiyo.

Kuchunga bado kuna mahali pake. Mwenye ekari tano au zaidi katika nyanda zenye mvua, na mikono michache nyumbani, hana haja ya kubeba kilo 70 kila siku. Agawe malisho vipande vinne au vitano, ahamishe ng'ombe kabla nyasi hazijaguguniwa hadi chini, na kila kipande kipumzike wiki tatu au nne wakati wa mvua. Aliye kati, mwenye ekari mbili tatu, anaweza kumtoa saa chache kwenye kipande chake mwenyewe na kumkatia majani jioni. Miguu na kwato zitanufaika, na joto litaonekana mapema.

Kwa aliye chini ya ekari mbili, hukumu yangu ni banda, ng'ombe mmoja, na majani kwanza. Mabingobingo huchukua miezi mitatu hadi minne kufikia mkato wa kwanza, basi yapandwe kabla ya kununua ng'ombe. Kisha, kwa wiki moja, kabla ya kuongea na muuzaji wa mtamba, wewe na wale mtakaosaidiana nyumbani kateni majani, yabebeni na kuyapima kwenye mizani kila siku. Mkishindwa kufikisha kilo 60 kwa siku saba mfululizo, msinunue bado. Ongezeni kingo zilizopandwa, au fugeni mbuzi wawili wa maziwa hadi majani yatoshe.