Soma Jina Kabla ya Kubonyeza Lipa

Mpangaji anayenunua umeme kwa simu hukutana na jina la mtu ambaye huenda hajawahi kumwona. Anafungua aplikesheni ya benki, anachagua LUKU, anaandika namba ya mita yenye tarakimu 11 na kiasi cha fedha, na kabla ya kuombwa namba ya siri anaonyeshwa jina la mwenye mita. Mara nyingi ni jina la mwenye nyumba, au la marehemu baba yake. Wengi hulipita jina hilo mbio, na hapo ndipo fedha hupotelea. Ukikosea tarakimu ukaangukia mita ya mtu mwingine, tokeni ya tarakimu 20 utakayoletewa haitaingia kwenye mita yako hata ukiibonyeza hadi asubuhi. Kwa hiyo mpangaji mpya aulize mapema: mita hii ina jina la nani?

Bili za serikali zina namba ya namna nyingine. Tangu 2017, taasisi za umma Tanzania zimekuwa zikiingizwa kwenye mfumo wa makusanyo wa GePG, na mlipaji hupewa kumbukumbu namba ya malipo, ambayo mtaani tunaiita kontroli namba. Ina tarakimu 12 na huanza na 99. Namba hiyo imebeba bili yenyewe: nani anadaiwa, na taasisi gani, shilingi ngapi, na hadi tarehe gani. Ukiiandika kwenye aplikesheni, benki huuliza mfumo na kukurudishia maelezo hayo. Kama umetumiwa namba kwa meseji ukaambiwa ni ya ada ya chuo, halafu ukaona jina la taasisi nyingine, acha hapo hapo. Tarehe ikiwa imepita, omba namba mpya.

Shule nyingi binafsi hutumia namba inayotolewa kupitia benki yao, na mara nyingi kila mwanafunzi ana yake ya kudumu. Ni rahisi kwa mzazi anayelipa kidogo kidogo, kwani inapokea kiasi chochote wakati wowote. Lakini urahisi huo huo una mtego. Namba ya bili moja ikishalipwa kikamilifu, kazi yake imekwisha. Ya mwanafunzi inaendelea kupokea, hata ukilipa mara mbili kwa bahati mbaya.

Tuseme mama ana watoto wawili shule moja, na namba zao zinatofautiana tarakimu mbili za mwisho tu. Jumapili usiku anataka kumlipia mdogo shilingi 300,000. Anachagua namba aliyoihifadhi, anasoma jina, naam, ni la mdogo, anathibitisha. Aplikesheni inazunguka, kisha inaandika kwamba muamala unashughulikiwa. Akitazama salio, limepungua. Shule inafungua kesho, na kidole kinamwasha alipe tena.

Asilipe. Kilichotokea ni kwamba benki imeshakata fedha na kupeleka taarifa upande wa pili, ila jibu halijarudi. Malipo hayo ama yatakamilika baadaye, ama fedha zitarudishwa kwenye akaunti. Afungue taarifa ya akaunti aone kama kuna mstari wa makato peke yake au pia wa kurejeshwa, kisha anakili namba ya muamala. Asubuhi ikiwa bado kimya, aipigie benki na kuwatajia namba hiyo pamoja na namba ya mwanafunzi. Kwa bili ya kontroli namba ya kulipwa mara moja, kuna kipimo chepesi: iandike tena. Ukiambiwa imeshalipwa, fedha zimefika. Kwa umeme, tazama kwanza historia ya malipo ndani ya aplikesheni, maana tokeni huwa ipo hata kama meseji imechelewa.

Sasa uthibitisho. Skrinishoti ya ukurasa uliosema muamala unashughulikiwa haithibitishi kitu, na wahasibu wa shule wameona picha zilizochezewa kiasi kwamba siwalaumu wakikataa kutazama simu ya mzazi. Kinachomsaidia mhasibu ni namba ya muamala, tarehe, kiasi na namba iliyolipiwa, kwa sababu anaweza kuvioanisha na taarifa ya benki ya shule. Pakua risiti ukiwa bado kwenye aplikesheni, jitumie kwa barua pepe, ipe jina linaloeleweka, kwa mfano jina la mtoto na muhula. Meseji za benki hufutika simu ikibadilishwa au ikiibwa. Kisha dai risiti ya shule yenyewe, kwani ya benki inaonyesha fedha zimetoka kwako, na ya shule inaonyesha deni limepungua.

Risiti za maji unaweza kuzitupa bili zinazofuata zikishaonyesha malipo yameingia. Za ada zitunze hadi mtoto akabidhiwe cheti chake.