Utangulizi: Harufu ya Gesi Kabla ya Fundi

Wengi hudhani usalama wa gesi ni kazi ya mafundi wenye spana, lakini anayeanza kazi hiyo ni mtu wa nyumbani mwenye pua yake. Utangulizi huu unahusu dakika chache tu: tangu harufu ya gesi inaposikika karibu na hita ya maji hadi fundi anapoitwa. Nimeichagua Mbinga kuwa mfano kwa sababu baridi ya Juni na Julai katika milima ya Wamatengo huwafanya watu wafunge madirisha, na bafu lililofungwa lenye hita ya gesi halisamehe uzembe. Ukiteremka hadi Mbamba Bay, kwenye joto la ufukwe wa Ziwa Nyasa, haja ya maji moto hupungua, ila mtungi wa jikoni una gesi ileile na hatua ni zilezile.

Gesi ya mitungi ni propani na butani. Kwa asili haina harufu ya kumwonya mtu. Ile harufu kali inayokera huongezwa kwa makusudi, ili isikike mapema, gesi ikiwa bado haijafikia kiwango cha kuweza kuwaka. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, takribani mara moja na nusu hadi mara mbili. Kwa hiyo haipandi darini. Hutambaa sakafuni na kutuama mahali pa chini, kama maji ya mvua yanavyotuama katika mashimo ya ngolo mashambani. Ndiyo maana dirisha dogo la juu halitoshi kuiondoa. Mlango ulio wazi hadi chini husaidia zaidi.

Kiasi cha gesi kinachohitajika ili iweze kuwaka ni kidogo kuliko tunavyodhani. Gesi hii huanza kuweza kuwaka ikifika takribani asilimia 2 ya hewa. Bafu la mita 2 kwa 2, lenye kimo cha mita 2.5, lina mita 10 za ujazo. Asilimia 2 yake ni lita 200. Kilo moja ya gesi ya mtungi hutoa takribani lita 500, hivyo chini ya nusu kilo inatosha bafu zima. Ikituama katika nusu mita ya chini, gramu 80 hivi zinatosha, na mtungi wa kawaida una kilo 6 au 15.

Tuchukue nyumba ya wageni mjini Mbinga, alfajiri ya Julai. Mhudumu anafungua mlango wa bafu, bado giza, anasikia harufu. Mkono unataka kwenda kwenye swichi. Hapo ndipo pa kuuzuia. Swichi hutoa cheche ndani inapowashwa na pia inapozimwa, kwa hiyo taa iliyozimwa ibaki imezimwa, na iliyowaka ibaki inawaka. Asiwashe feni, kiberiti wala tochi ya simu, na asiijaribu hita kuona kama inawaka. Anauacha mlango wazi na kuwaita wageni kwa sauti: “Jamani, tokeni nje, kuna gesi!” Mtungi ukiwa nje ya jengo na njia ya kuufikia haina harufu, anaifunga valvu kwa kuizungusha upande wa kulia hadi mwisho. Ukiwa ndani penye harufu kali, au ukivuja kwenye valvu yenyewe, anauacha na kutoka. Hata friji ya mapokezi hujiwasha yenyewe, kwa hiyo kubaki ndani si salama hata kama hakuna anayegusa kitu. Akiwa mbali na jengo, upande ambako upepo unatokea, ndipo anapopiga 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Kosa linalofuata hutokea nusu saa baadaye. Mtu anarudi, hasikii kitu, anawasha hita. Pua huchoka: ukikaa penye harufu huacha kuisikia. Harufu kutoweka si ushahidi kwamba gesi imeisha. Valvu ibaki imefungwa, milango ibaki wazi, na asiingie mtu hadi mwenye ujuzi athibitishe kwamba hewa ni safi. Ndipo fundi apake maji ya sabuni kwenye maungio, mpira na regulata. Mapovu yanayokua huonyesha panapovuja. Mwali wa kiberiti si kipimo.

Pua ina mpaka mwingine. Hita inayowaka vibaya ndani ya bafu lisilo na hewa hutoa monoksidi ya kaboni, ambayo haina harufu kabisa. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, na monoksidi hiyo huweza kuua hata kama gesi ya mtungi haivuji. Anayezisikia hita ikiwa inawaka atoke nje mara moja na apelekwe hospitali. Huko ndiko sura ya kwanza inakoanzia: njia ya moshi wa hita na hewa inayoingia bafuni.