Salamu, Usikivu na Utatuzi wa Matatizo Madogo katika Mafunzo ya Wahudumu wa Kaunta: Mfano wa Dirisha la Benki

Makala haya yanafafanua namna mhudumu wa dirishani katika tawi la benki nchini Tanzania anavyoweza kufundishwa kusalimu, kusikiliza na kutatua matatizo madogo ya wateja. Hoja kuu ni kwamba stadi hizi tatu ni mazungumzo mamoja, na kwamba mafunzo hulegea pale yanapozitenganisha au yanapotafsiri mwongozo wa Kiingereza bila kujali kanuni za mazungumzo ya Kiswahili.

Suala la salamu ndilo linalodharauliwa zaidi. Sentensi ambayo mhudumu mpya hukaririshwa kwa kawaida ni "Karibu, nikusaidie nini?" Sentensi hiyo haina kosa la sarufi wala la adabu, lakini inaruka hatua. Schegloff na Sacks (1973) walionyesha kwamba sehemu kubwa ya mazungumzo huendeshwa kwa jozi za kauli, ambapo kauli ya kwanza huifanya ya pili isubiriwe. Salamu za Kiswahili ni mfano bayana wa jambo hilo. "Habari za asubuhi" husubiri "Nzuri" au "Salama", nayo "Shikamoo" husubiri "Marahaba". Mhudumu anayeunganisha "karibu" na swali lake kwa pumzi moja hamwachii mteja nafasi ya kujibu salamu. Mteja hulazimika kuanza na shida yake kabla ya kutambuliwa kama mtu, na wengi hulisikia hilo kuwa ni kuharakishwa, hata kama sauti ya mhudumu ni laini. Kwa hiyo kinachopaswa kufundishwa ni kituo: mhudumu asalimu, ainue macho kutoka kwenye kompyuta, asubiri jibu, ndipo aulize. Kituo hicho huchukua sekunde chache tu, hata kwenye foleni ya mwisho wa mwezi.

Uteuzi wa salamu nao unahitaji mazoezi. Kijana wa dirishani akimwambia mzee "Mambo" amekosea, na hilo halihitaji somo refu. Ugumu uko kwa mteja ambaye umri wake haukadiriki kwa urahisi. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu akiamkiwa "Shikamoo" na mhudumu anayekaribiana naye kwa umri anaweza kuona amezeeshwa; asipoamkiwa hivyo na mhudumu mdogo zaidi, anaweza kuona amevunjiwa heshima. Njia salama ni "Habari za saa hizi", kisha mhudumu afuate daraja ambalo mteja mwenyewe ameliweka katika jibu lake. Kanuni hii ni bora kuliko orodha ya umri na salamu zake, kwa kuwa inamfundisha mhudumu kusikiliza tangu kauli ya kwanza.

Jambo la pili ambalo tafsiri hulificha ni tofauti kati ya "pole" na "samahani". Neno moja la Kiingereza hubeba maana zote mbili, ilhali Kiswahili huzitenga. "Pole" humshirikisha msemaji katika shida ya mwenzake bila kukiri kosa, na "samahani" huomba kuachiliwa kosa. Mteja aliyesimama foleni kwa saa nzima anastahili kuombwa samahani, kwa sababu kuchelewa kumesababishwa na tawi. Mteja anayeeleza kwamba fedha zake hazionekani anastahili kwanza "pole", kwa sababu chanzo bado hakijajulikana. Mhudumu anayeanza na "samahani" katika hali ya pili amekiri jambo asilolijua. Asiyesema lolote na kuomba kadi papo hapo amemwacha mteja peke yake na hofu yake.

Mfano ufuatao umebuniwa kwa ajili ya mafunzo, lakini tatizo lenyewe ni la kawaida. Mteja wa makamo anasema: "Jana nilienda kutoa hela pale stendi. Foleni ilikuwa kubwa. Mashine ikahesabu, ikahesabu, ikanyamaza, halafu ikaingia meseji kwamba nimetoa laki moja." Mhudumu asiyefunzwa humkatiza kwenye neno "stendi" kwa kuuliza kama mashine ni ya benki hiyo. Swali ni la lazima, ila limekuja mapema. Mteja akiachwa amalize, ametaja siku, mahali, sauti ya kuhesabu noti na ujumbe wa simu. Yanayobaki kuulizwa ni machache: mashine ni ya benki ipi, ilikuwa saa ngapi, na kama ilitoa risiti.

Baada ya hapo mhudumu hurudia maelezo kwa maneno yake: "Pole sana, mama. Kwa hiyo jana jioni mashine ya stendi haikutoa hela, lakini meseji inasema umetoa. Ndivyo?" Mteja anajibu: "Siyo jioni, ilikuwa saa nane mchana." Sahihisho hilo ndilo faida ya kurudia. Mashine ya kutolea fedha huweka kumbukumbu ya kila muamala pamoja na saa yake, na wahasibu hulinganisha kumbukumbu hizo na noti zilizobaki ndani. Ikiwa noti hazikutoka, fedha zilizobaki huzidi hesabu ya kumbukumbu kwa kiasi kilekile. Saa isiyo sahihi kwenye fomu huwapeleka wahasibu kwenye muamala mwingine. Katika kurudia huko, kiasi cha fedha kisitajwe kwa sauti mbele ya foleni. Kinaweza kuandikwa kwenye karatasi na kuonyeshwa mteja.

Utatuzi hapa haumaanishi kurudisha fedha, kwa kuwa mhudumu wa dirishani hana mamlaka hayo. Anachoweza kukamilisha ni fomu ya malalamiko, namba ya kumbukumbu, na tarehe ambayo mteja atapewa jibu. "Rudi baadaye" si tarehe. "Mtandao unasumbua" nayo ni taarifa halali pale tu inapofuatwa na hatua, kwa mfano kupokea fomu kwa mkono. Bitner, Booms na Tetreault (1990), waliochambua takriban visa 700 vya wateja wa hoteli, mikahawa na mashirika ya ndege, waligundua kwamba kasoro ya huduma inaweza kuacha kumbukumbu nzuri au mbaya kutegemea namna mhudumu alivyoipokea. Hata hivyo, matokeo hayo hayampi mhudumu ruhusa ya kuahidi lisilo mikononi mwake. Ahadi iliyovunjwa humrudisha mteja akiwa na malalamiko mawili.

Kwa upande wa ufundishaji, igizo dhima la dakika kumi na tano kabla ya tawi kufunguliwa hufaa kuliko semina ya siku nzima, mradi anayeigiza mteja apewe kisa kamili na aagizwe kuficha jambo moja mpaka aulizwe. Mwezeshaji apime kama jambo hilo limepatikana. Mteja wa siri anayetumwa na makao makuu mara nyingi hukagua kama maneno yaliyokaririshwa yametamkwa, na hivyo humpa alama kamili mhudumu anayesema "Karibu" huku akitazama kompyuta. Kipimo chepesi zaidi ni kuhesabu ni mara ngapi mteja mmoja analazimika kusimulia kisa kilekile ndani ya tawi. Akisimulia kwa mlinzi, kwa mhudumu na tena kwa msimamizi, kuna aliyesikia bila kuandika. Wakati mwingine kosa halimo kwa mhudumu kabisa: fomu imejazwa vizuri, tarehe imefika, na idara ya hesabu haijajibu. Hapo mafunzo ya dirishani hayasaidii, ila tawi likiwa limemteua mtu wa kumpigia mteja simu hata pale ambapo jibu bado halijapatikana.